Mashine ya kufulia ikiandika IE: fundi, mashine mpya, au maji tu?

Herufi mbili zikitokea kwenye kioo cha mashine ya kufulia, fundi huitwa na bei ya kipuri hutajwa papo hapo. Pesa nyingi hupotea hapo, kwa sababu mara nyingi alama ya hitilafu haitaji kifaa kilichoharibika. Inaeleza tu jambo ambalo mashine ililisubiri na halikutokea. Kwenye mashine za LG, IE ni maji kutoingia kwa wakati na OE ni maji kutotoka. Samsung huandika 4E au 4C maji yasipoingia, kwa hiyo soma kitabu cha mashine yako kwanza.

Tuichukue IE. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutegemea simtanki, na kila mita 10 za kimo hutoa presha ya bar 1 hivi. Tangi likiwa mita 3 juu ya mashine, presha ni bar 0.3, wakati mashine nyingi huhitaji angalau bar 0.5, nyingine bar 1. Vali hufunguka, maji hutiririka kidogokidogo, muda hupita, IE hutokea. Ukibadilisha vali, kesho alama inarudi.

Kupima ni rahisi. Chomoa mashine kwenye umeme, funga koki, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, uuelekeze kwenye ndoo, kisha fungua koki. Maji yakitoka kinyonge, mashine haina kosa. Kama chanzo ni presha ya tangi, kinachotakiwa ni pampu ndogo ya kuongeza presha. Yakitoka kwa nguvu, safisha kichujio kidogo kilichomo pale mpira unapoingia, ambacho huziba kwa mchanga na kutu. Kikiwa safi na tatizo likabaki, hapo ndipo vali ishukiwe.

Ubaya ni kwamba hitilafu ya gharama kubwa huweza kuja bila alama yoyote. Beringi zikiisha, mashine hunguruma inapokamua, na ukiinua ngoma kwa mkono inacheza. Kwenye mashine ambazo pipa limeunganishwa kabisa na halifunguki, beringi hazibadilishwi peke yake. Hununuliwa pipa zima.

Tuseme mashine mpya ya aina yako ni shilingi 1,000,000. Vali pamoja na ufundi ikiwa 70,000, tengeneza. Pipa zima likifika 550,000 kwenye mashine ya miaka tisa, nunua mpya, maana mota, pampu na bodi bado ni za zamani na zitadai zamu yao. Mashine ya miaka mitatu ambayo beringi zake hutoka, kwa 200,000, bado inafaa kutengenezwa, ila angalia kwanza kama dhamana haijaisha.

Fundi akitaja kipuri, mwombe akuonyeshe alichopima. Akikuonyesha herufi za kwenye kioo tu, usilipe bado.