Maziwa Kiasi Gani Yaliingia Sahanini?

Swali lenyewe huwa fupi. Maziwa mabichi yamezimuliwa kwa maji safi yasiyo na vijidudu mpaka moja kwa elfu, kisha mpaka moja kwa elfu kumi. Mililita moja ya kila mzimuo imewekwa kwenye sahani mbili. Baada ya kukaa kwenye inkubeta, sahani za mzimuo wa kwanza zimeota makoloni 238 na 226, na za mzimuo wa pili 27 na 31. Kokotoa idadi ya bakteria kwa mililita moja ya maziwa, kisha useme maziwa hayo ni ya gredi gani.

Aliyesoma sayansi ya chakula amekutana na swali la mtindo huu, na mara nyingi likifuatiwa na ndugu yake: swali la MPN, lile la mirija yenye gesi na jedwali la namba tatu tatu. Wanafunzi wengi huyasomea kama mada mbili tofauti, kila moja na fomula yake ya kukariri. Ya sahani huandikwa hivi:

```
N = ΣC / [(n1 + 0.1 × n2) × d]
```

Anayeikariri bila kujua imetoka wapi hubabaika pale mtahini anapobadilisha kitu kidogo tu. Lakini maswali yote mawili yanauliza jambo moja: ni chakula kiasi gani hasa kiliingia kwenye sahani au kwenye mirija?

Tuanze na maziwa. Mhudumu wa maabara huchukua mililita 10 za maziwa na kuzitia kwenye mililita 90 za maji ya kuzimulia. Hapo maziwa yamekuwa moja kwa kumi. Anachota tena 10 kutoka humo, anaziweka kwenye 90 nyingine, na kuendelea hivyo. Kila chupa lazima itikiswe kwelikweli. Mwongozo wa maabara wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, unataka mitikiso 25 ndani ya sekunde 7, mkono ukipita umbali wa sentimita 30 hivi. Si ushabiki wa taratibu. Bakteria wengi wa maziwa hukaa kwa minyororo na mafungu, na fungu la seli ishirini likitua pamoja kwenye sahani litaota koloni moja tu. Kwa sababu hiyo jibu sahihi haliandikwi “bakteria 240,000” bali CFU 240,000, yaani vianzio vya makoloni, kila kimoja kikiwa seli moja au kundi la seli.

Mililita moja ya mzimuo ikishaingia sahanini, inamiminiwa agari iliyoyeyushwa na kupozwa hadi kiasi cha nyuzi 45. Ikiwa ya moto zaidi, baadhi ya bakteria hufa au huumia kabla hawajaanza kuota. Ikipoa mno inaganda kwa mabonge na makoloni hayahesabiki. Sahani huzungushwa taratibu ili vichanganyike, huachwa igande, kisha hupinduliwa kifudifudi ndani ya inkubeta ili matone ya mvuke yasidondokee juu ya agari na kuyaunganisha makoloni.

Sahani zipi zihesabiwe? Mwongozo huo wa FDA unakubali zenye makoloni 25 hadi 250. Zaidi ya hapo makoloni hubanana na kunyang'anyana chakula, mengine hayaonekani kabisa. Chini ya hapo bahati inatawala: tofauti ya makoloni matatu kwenye sahani yenye kumi ni kubwa mno, ila kwenye sahani yenye mia mbili haina uzito. Sahani zetu nne zote zimo ndani ya mpaka huo.

Sasa fomula iwekwe kando kidogo. Sahani mbili za kwanza zilipokea kila moja mililita 0.001 ya maziwa yenyewe, kwa kuwa maziwa yalikuwa moja kwa elfu. Jumla 0.002. Mbili za pili zilipokea 0.0001 kila moja, jumla 0.0002. Maziwa yote yaliyochunguzwa ni mililita 0.0022, hata tone moja halifiki. Makoloni yote ni 238 na 226 na 27 na 31, jumla 522. Gawanya 522 kwa 0.0022 unapata 237,273, ambayo kwa tarakimu mbili zenye maana huandikwa 240,000. Hiyo ndiyo fomula nzima. Ile 0.1 iliyowasumbua wengi ni njia fupi tu ya kusema kwamba sahani za mzimuo wa pili zilibeba sehemu moja ya kumi ya maziwa yaliyobebwa na zile za kwanza.

Asiyeliona hili hufanya kosa la kawaida: anakokotoa kila mzimuo peke yake, anapata 232,000 na 290,000, kisha anatafuta wastani wa hizo mbili, 261,000. Inaonekana ni haki, lakini imezipa sahani zenye makoloni 27 na 31 sauti sawa na zile zenye mia mbili na ushei, ilhali ushahidi wake ni mchache zaidi.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, EAS 67, kinaweka gredi ya kwanza chini ya 200,000 kwa mililita, ya pili kati ya 200,000 na 1,000,000, na ya tatu kati ya 1,000,000 na 2,000,000. Maziwa yetu ni gredi ya pili. Hapa mtahini mjanja hubadilisha neno moja: badala ya mililita 1 kumiminiwa agari, anasema mililita 0.1 ilisambazwa juu ya agari iliyokwisha kuganda. Makoloni ni yale yale. Ila sasa kila sahani ya moja kwa elfu imepokea maziwa mililita 0.0001, siyo 0.001, na jibu linaruka kutoka laki mbili na ushei hadi zaidi ya milioni mbili. Maziwa yametoka gredi ya pili mpaka nje ya gredi zote kwa sababu ya nukta moja ya desimali. Anayeuliza “maziwa kiasi gani yaliingia?” hatanaswa.

Kuna vitabu, hasa vya zamani, vinavyotumia mpaka wa 30 hadi 300. Kwa mpaka huo sahani za 27 na 31, zenye wastani wa 29, huachwa, na jibu linakuwa 230,000. Majibu yote mawili yanatetewa, mradi mwanafunzi aandike mpaka alioutumia. Mtahini asiyeutaja kwenye swali anajitafutia ubishi wakati wa kusahihisha.

Sahani hukwama pale bakteria wanaotafutwa ni wachache. Chukua nyama ya kusaga inayopimwa kolifomu. Ukitia mililita moja ya mzimuo wa moja kwa kumi sahanini umetia gramu 0.1 ya nyama. Ikiwa kuna kolifomu 40 kwa gramu, utaona makoloni manne hivi, na manne hayatoshi kusemea lolote. Hapo ndipo mirija inapoingia. Mirija mitatu yenye mchuzi wa laktosi hupewa gramu 0.1 kila mmoja, mitatu mingine gramu 0.01, mitatu ya mwisho gramu 0.001. Ndani ya kila mmoja kuna kijirija kidogo kilichopinduliwa. Kolifomu wakila laktosi hutoa gesi, na povu la gesi hunaswa juu ya kijirija hicho. Mirija haihesabiwi makoloni. Huulizwa swali moja tu: gesi ipo au haipo?

Tuseme baada ya saa 48 gesi imeonekana kwenye mirija 3, 2 na 1. Mwanafunzi mwenye haraka anafungua jedwali, anaona 150 kwa gramu, anafunga daftari. Swali lakini lina sentensi ya pili: mirija hiyo ilipohamishiwa kwenye mchuzi wa nyongo na kijani cha brilianti kwa uthibitisho, iliyotoa gesi tena ilikuwa 3, 1 na 0. Duru ya kwanza ni ya kukisia tu, kwani bakteria wengine nao huweza kutoa gesi. Kinachopelekwa kwenye jedwali ni kilichothibitishwa, na 3-1-0 ni 43 kwa gramu.

Kwa nini 43? Namba hiyo haikuhesabiwa na mtu. Ni kiwango kinachofanya matokeo tuliyoyaona yawe rahisi kutokea kuliko kiwango kingine chochote. Kama nyama ina kolifomu 43 kwa gramu, mrija wa gramu 0.1 unategemewa kupata 4.3 kwa wastani, kwa hiyo ni nadra kukosa hata mmoja. Mrija wa gramu 0.01 unapata 0.43 kwa wastani, na uwezekano wa kukosa kabisa ni kama asilimia 65. Mirija mitatu, mmoja ukitoa gesi, ni kama inavyotarajiwa. Mrija wa gramu 0.001 karibu kila mara hautakuwa na kitu. Hesabu za namna hii zilichapishwa na McCrady mwaka 1915, na majedwali ya leo ni wajukuu wa kazi hiyo. Mwaka 1942 Thomas alitoa njia ya mkato: gawanya idadi ya mirija yenye gesi kwa kipeuo cha pili cha zao la chakula kilichomo kwenye mirija isiyo na gesi na chakula chote kilichotumika. Kwetu ni 4 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 0.023 × 0.333, karibu 46. Si mbali na 43, na inafaa kwa chumba cha mtihani kisicho na jedwali.

Jedwali hilo huonyesha pia mipaka ya imani: kwa 3-1-0 ni kati ya 9 na 180. Mpana mno! Ndiyo gharama ya mirija tisa. Anayeandika “43” bila mipaka hiyo hupoteza alama, na ni haki.

Mtego mwingine ni pale mizimuo inapokuwa minne. Gramu 0.1 imetoa 3, gramu 0.01 imetoa 3, gramu 0.001 imetoa 1, gramu 0.0001 imetoa 0. Huchukuliwa mzimuo mkubwa kuliko yote ambao mirija yake yote ina gesi, pamoja na miwili inayoufuata, nayo ni 3-1-0 tena. Ila jedwali limetengenezwa kwa kuanzia gramu 0.1, na hapa tumeanzia 0.01, chakula pungufu mara kumi. Jibu ni 430. Kwa maji, mirija ikiwa na mililita 10, 1 na 0.1, namba 3-1-0 husomeka 43 vilevile, lakini kwa kila mililita 100.

Hubaki 0-0-0, mirija yote kimya. Jibu “sifuri” hukatwa na watahini, na sababu iko kwenye hesabu ile ile: nyama yote iliyoingia mirijani ni gramu 0.333. Kolifomu mmoja au wawili kwa kila gramu wangeweza kabisa kukosekana humo, ndiyo maana huandikwa “chini ya 3.0 kwa gramu”.