Msongamano Chini ya Chipu

Chipu yenye upana wa sentimita 1 imekaa katikati ya bamba la alumini kubwa kama sahani. Fundi akigusa ukingo wa bamba anakuta uvuguvugu tu, ilhali chipu inaungua.

Bamba si bovu. Joto linaingia kupitia eneo dogo, kama mashabiki wanaotoka uwanjani kwa mlango mmoja: wanabanana mlangoni, barabara iko tupu. Kubanana huko ndiko ukinzani wa kusambaa.

Chipu hiyo ikitoa wati 100, hata juu ya pande nene la alumini, hupanda takriban nyuzi 25 kwa sababu hiyo pekee. Juu ya shaba, karibu nusu yake. Bamba jembamba huzidisha shida, kwani joto hulazimika kukimbilia pembeni kupitia njia finyu.

Kabla ya kununua bamba pana zaidi, jaribu kwanza lenye unene, au pachika kipande cha shaba chini ya chipu.