Mjukuu wa Rakoto ajitambulisha

Kwenye meza ya usajili ya mkutano wowote wenye wageni wengi kutoka Madagaska, kasha la herufi R huwahi kujaa. Vitambulisho vya kina Rakotomalala, Ravalomanana na Razafindrakoto vinabanana humo huku makasha ya jirani yakiwa na nafasi tele. Sababu ni silabi moja: Ra. Hiyo si sehemu ya ukoo, ni heshima iliyogandishwa kichwani mwa jina, karibu na Bwana au Bibi kwetu. Ni kama sisi sote tungeorodheshwa kwenye herufi B kwa kuwa ni Bwana fulani na Bibi fulani.

Tumchukue msemaji wa kufikirika mwenye jina la kawaida kabisa huko kwao, Razafindrakoto, aliyepanda jukwaani Arusha. Ana dakika moja ya kujitambulisha kabla ya kuingia kwenye mada yake. Wengi wakiwa mahali pake huanza kwa kuomba radhi: jina langu gumu, niiteni mnavyoweza. Nadhani hapo ndipo hotuba inapoharibika. Mwenyekiti amekwisha pewa ruhusa, na kuanzia hapo mgeni atakuwa "mwenzetu wa Madagaska" mpaka jioni.

Msemaji wetu ana akili zaidi. Analitamka jina zima mara moja, kwa kasi ya nyumbani, kisha analikata. Halikati kwa silabi, maana silabi sita hazimshikishi mtu kitu. Analikata kwa maana.

"Ra ni heshima. Zafy ni mjukuu. Koto ni mvulana, na ukimpa heshima anakuwa Rakoto. Basi mimi ni Bwana Mjukuu-wa-Rakoto. Mtaniuliza hiyo d katikati imetoka wapi. Ninyi mnasema mti mrefu, lakini njia je? Mnasema ndefu. R yenu ikikutana na n huzaa nd. Yetu nayo hubadilika: Rakoto akitanguliwa na n, anakuwa ndrakoto."

Ukumbi unacheka, na si kwa adabu tu. Kimalagasi si Kibantu. Jamaa yake wa karibu anayejulikana ni Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo, ingawa kimeokota huku kwetu maneno kama omby kwa ng'ombe na akoho kwa kuku. Lakini kwa mfano wa ndefu, wasikilizaji wamepewa ndoano ya kulitundikia jina. Asingetumia mfano huo London. Huko angehitaji mwingine.

Linabaki suala la kutamka. Hapa Mswahili ana shida yake mwenyewe, nayo inatokana na kujiamini. Akiona irabu alizozizoea, husoma kama alivyofundishwa. Ila o ya Kimalagasi kwa kawaida husikika u, na irabu ya mwisho isiyo na mkazo hunong'onwa tu. Rakoto basi hukaribia Rakutu, na ile u ya mwisho karibu imezwe. Dr nayo ni sauti moja. Usiingize irabu katikati ukapata "dirakoto".

Mkazo ndio mtego mkubwa zaidi. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa Razafindrakoto tunapatia bila kujua: ni KU. Lakini majina yanayoishia na -na, -ka au -tra kwa kawaida huurudisha mkazo nyuma silabi moja zaidi. Ravalomanana, jina la rais wa zamani, si "manaNA" wala "maNAna", ni MAnana: Ravalu-MA-nana. Hery Rajaonarimampianina, aliyeingia madarakani Januari 2014 akiwa na jina la herufi 19, hukazwa kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: mampi-A-nina. Kwa jina refu, kosa la mkazo huliharibu kuliko kosa la herufi moja. Mwenyewe anaweza asigeuke ukimwita.

Msemaji anawaomba wajumbe waseme naye mara mbili, nusu kwanza, Razafin, halafu lote. Kisha anatoa jina fupi: Razafy. Mpangilio huo ni muhimu. Angetoa kifupi mwanzoni, hakuna ambaye angejisumbua na jina zima.

Anaongeza jambo moja kwa waandaaji: kwenye fomu ya usajili alijaza Razafindrakoto palipoandikwa jina la ukoo, lakini dada yake wa baba na mama mmoja anaitwa vingine kabisa. Kwao mzazi anaweza kumpa kila mtoto jina lake. Kwa hiyo, akija naye mwakani, wasimtafute kwenye mstari huohuo.

Baadaye, wakati wa maswali, mwenyekiti anashika maikrofoni, anasita kidogo, midomo ikipima. "Bwana Razafin... drakutu."

Kule nyuma mtu anasema, "Ndefu!"