Sekunde Sitini za Kumwita Mgeni Jimu

Jimu mpya ikifunguliwa mtaani, video yake ya matangazo huwa na sura ile ile. Kijana mwenye kifua kipana ananyanyua chuma, muziki unapigwa kwa nguvu, na sauti nzito inatangaza mashine za kisasa na wakufunzi waliobobea. Video hiyo inamvutia aliyekwisha kuzoea mazoezi, mtu ambaye angekuja hata kwa kuona kibao tu. Mama wa miaka 45 aliyeshauriwa na daktari aanze mazoezi anaitazama na kuamua moyoni kwamba pale si mahali pake.

Kama jimu imeandaa darasa la wanaoanza, maneno ya video yaandikwe kwa ajili ya huyo mama. Kinachomzuia ni maswali ambayo haoni pa kuyauliza. Nivae nini? Nikishindwa mbele za watu? Nitachanganyika na wanaume? Nina presha, je, nitadhurika? Ni shilingi ngapi? Kazi ya mwandishi ni kuyajibu hayo ndani ya dakika moja, kwa sauti ya mtu anayezungumza naye peke yake.

Dakika moja ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Kwa Kiswahili, msomaji anayesoma kwa utulivu humaliza kati ya maneno 100 na 120 hivi kwa dakika. Maneno yetu ni marefu. "Hatutakulazimisha" ni neno moja, lakini kinywani lina silabi nane. Kwa hiyo kuhesabu maneno hakutoshi. Soma kwa sauti huku saa ya simu inahesabu, na uache nafasi ya kuvuta pumzi. Ukifika sekunde ya 70, usikimbize sauti. Kata sentensi.

Tuchukue mfano wa jimu ndogo ya ghorofani, tuseme iko Tabata, Dar es Salaam. Rasimu ya kwanza ya mwenye jimu inaweza kuanza hivi: "Karibuni katika kituo chetu cha kisasa chenye vifaa vya hali ya juu na wakufunzi wenye weledi, ambapo utapunguza kilo kumi ndani ya mwezi mmoja." Sentensi hiyo inameza sekunde kumi na zaidi bila kujibu hata swali moja la yule mama. "Karibuni" inahutubia umati, ilhali yeye anatazama simu yake akiwa peke yake. Ahadi ya kilo kumi nayo ni mbaya kuliko vyote. Mtu hawezi kuahidiwa kilo kwa tarehe, kwa sababu uzito unategemea chakula, usingizi, umri na afya yake. Tena Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Tukiikata sentensi hiyo na kufuata hatua za mgeni tangu mlangoni, tunapata maneno haya:

"Hujawahi kuingia jimu? Darasa hili ni lako. Ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Njoo na raba, taulo na chupa ya maji. Kocha atakupokea mlangoni na kukuuliza kama una presha, au maumivu ya goti na mgongo. Mtapasha mwili joto taratibu. Kisha utajifunza mambo matatu: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta, na kunyanyua mzigo bila kuumiza mgongo. Ukichoka, unapumzika. Mko watu kumi tu, na wote ndio mnaanza. Kina mama wana darasa lao saa nne asubuhi, na kocha wa kike. Siku ya kwanza hulipi. Ukipenda, mwezi ni shilingi elfu arobaini. Tupo nyuma ya kituo cha daladala, ghorofa ya kwanza. Tukuone Jumatatu."

Hayo ni maneno kama 100, yanayoacha nafasi ya kupumua. Saa na bei zimeandikwa kwa maneno kamili ili msomaji asisite. Namba ya simu haikutajwa, maana msikilizaji hawezi kuishika kichwani. Inaandikwa kwenye picha ya mwisho na kuachwa pale kwa sekunde tano.

Swali la presha limewekwa kwa sababu. Mtu asiyezoea, akinyanyua kitu kizito, hubana pumzi bila kujua, na kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Kocha akijua mapema, humpa mzigo mwepesi na kumfundisha kutoa pumzi wakati wa kunyanyua. Mwenye ugonjwa wa moyo atamwambia kwanza apate ushauri wa daktari. Msikilizaji mwenye hofu hiyo anapolisikia swali lenyewe kwenye video, anaelewa kwamba amefikiriwa.

Siku nazo zimepishana makusudi. Misuli ya mtu anayeanza huuma siku ya pili au ya tatu, na wengi hudhani wameumia, wasirudi tena. Siku moja ya mapumziko katikati inaupa mwili nafasi. Maelezo hayo yote hayawezi kuingia kwenye dakika moja, na hayana haja ya kuingia. Kocha atayasema mwisho wa darasa la kwanza. Video inabeba yale tu yanayomfikisha mtu mlangoni.

Picha nazo zikubaliane na sauti. Gawa karatasi safu mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosemwa. Penye "kusukuma ukuta", mwonyeshe mwanamke aliyevaa fulana ya kawaida, mikono imeegemea ukutani usawa wa kifua, akikunja viwiko na kunyoosha. Anayetazama ataona kwamba hilo hata yeye analiweza. Weka pia maandishi chini ya picha, maana wengi hutazama video kwenye daladala au ofisini wakiwa wamezima sauti.

Kurekodi hakuhitaji studio. Chumba kidogo chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa kinazuia mwangwi kuliko sebule tupu yenye vigae. Simu ikae umbali wa shibiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo kila "p" ya "pasha" na "presha" italipuka kama upepo. Soma mara tatu, kisha uchague usomaji ambao unasikika kama mtu anayemweleza jirani yake.

Kabla ya kuisambaza, mchezeshee video mtu mmoja ambaye hajawahi kukanyaga jimu, kisha umuulize maswali manne: ni wapi, saa ngapi, aje na nini, alipe kiasi gani. Analoshindwa kujibu ndiyo sentensi ya kuandika upya. Halafu keti na kocha, mpitie maneno mstari kwa mstari. Je, atakuwa mlangoni kweli saa kumi na mbili? Wakija watu ishirini Jumatatu hiyo, nani atawapangia siku nyingine? Kocha wa kike amekwisha kuajiriwa? Mstari ambao jimu haiwezi kuutimiza ufutwe kabla ya kurekodi, kwa sababu mgeni atakuja akiwa ameusikia.