Umri wa Kidonda

Mnamo tarehe 19 Februari 2001, daktari aliyekuwa akikagua nguruwe kwenye machinjio moja huko Essex, Uingereza, aliwaona wengine wana malengelenge. Kesho yake maabara ilithibitisha kuwa ni ugonjwa wa miguu na midomo, ambao nchi hiyo haikuwa imeuona kwa miaka 20.

Wakaguzi walirudi nyuma kutafuta nguruwe walikotoka. Tarehe 22 walifika kwenye shamba moja la Northumberland, kaskazini, ambako nguruwe walikuwa wakilishwa makombo yasiyochemshwa. Huko vidonda vyenyewe ndivyo vilivyosema. Lengelenge bichi hujaa maji, na siku moja au mbili baadaye hupasuka na kuacha nyama nyekundu yenye kingo kali. Zikipita siku kadhaa kingo hufifia, na baada ya wiki huonekana kovu. Baadhi ya vidonda vya shamba lile vilikadiriwa kuwa na zaidi ya siku kumi, na hakuna aliyekuwa ametoa taarifa.

Ng'ombe mgonjwa humshtua mwenyewe mapema: hudondosha udenda, ulimi huchubuka, maziwa hupungua, huchechemea. Nguruwe huumia zaidi miguuni, hukataa kusimama, na kwato zinaweza hata kung'oka. Jambo baya ni kwamba nguruwe hutoa virusi vingi sana kwa pumzi, na ng'ombe huambukizwa kirahisi kwa kuvuta hewa hiyo. Kondoo ndio wadanganyifu, maana dalili zao mara nyingi ni hafifu mno.

Ndivyo ilivyokuwa. Inaaminika upepo ulibeba virusi hadi kwa kondoo wa shamba la jirani. Tarehe 13 Februari baadhi yao walipelekwa mnada wa Hexham, kisha wachuuzi wakawafikisha mnada mkubwa wa Longtown, na kutoka hapo malori yakatawanyika. Amri ya kuzuia mifugo kusafirishwa nchi nzima ilitoka tarehe 23. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba siku ugonjwa ulipothibitishwa, mashamba yasiyopungua 57 yalikuwa yameshaambukizwa. Kufikia mwisho wa mlipuko, mifugo zaidi ya milioni sita ilikuwa imeuawa. Mwenye shamba alitiwa hatiani kwa kutotoa taarifa.

Kwetu Afrika Mashariki ugonjwa huu haujawahi kutoweka, na pengine ndiyo maana tunauchukulia kama mafua. Ng'ombe wengi wazima hupona, basi mtu huona heri amuuze anayechechemea kabla hajakonda. Lakini Tanzania, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa akishuku tu, bila kungoja majibu ya maabara. Akishampigia afisa mifugo, zizi zima hukaa palepale, wakiwemo wanaoonekana wazima, kwa kuwa ng'ombe huweza kuanza kutoa virusi kabla lengelenge la kwanza halijajitokeza.