Kiraka Cheusi kwenye Dirisha la Jirani

Oktoba 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, ilitoa hukumu katika ugomvi wa majirani wawili uliotokana na kamera za ulinzi na kengele ya mlangoni yenye kamera. Mwenye kamera alishindwa. Kilichomlemea zaidi kilikuwa sauti, maana vifaa vyake vilinasa mazungumzo ya watu waliokuwa mbali na mlango wake. Kenya, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania, kwa sheria yake ya 2022, nazo zinalinda taarifa za mtu anayetambulika, na picha ya kamera yaweza kuwa taarifa ya namna hiyo.

Tuseme kamera imefungwa kwenye kona ya paa huko Mbezi, ilinde geti. Geti linaonekana chini kushoto. Juu kulia limejitokeza dirisha la chumba cha kulala cha jirani wa ghorofani, na chini yake kamba ya kuanikia nguo.

Fundi makini huanza kwa kuinamisha kamera. Dirisha likiwa bado linaonekana, hapo ndipo kiraka cheusi kinapohitajika. Kwenye kamera nyingi za Hikvision, huingia kwa kivinjari cha kompyuta, akafungua `Configuration`, `Image`, kisha `Privacy Mask`, akawasha kazi hiyo, akachora umbo juu ya dirisha na kamba, na kuhifadhi. Kiraka huzidi kidogo ukubwa wa dirisha, kwa kuwa kamera inaweza kutikisika kwa upepo.

Kamera yenyewe ikichora kiraka, weusi huingia kwenye picha kabla haijarekodiwa, na hakuna wa kuufuta baadaye. Programu nyingine lakini hufunika kioo cha mtazamaji tu, huku rekodi ikibaki na kila kitu. Njia ya kujua ni rahisi: toa kipande cha rekodi, kifungue kwenye simu, uangalie. Dirisha likionekana, jirani bado anarekodiwa.

Wengi hukosea hapa kwa kuondoa dirisha kwenye eneo la kutambua mwendo, wakadhani kazi imekwisha. Mpangilio huo huzuia tu kamera isishtuke mtu akipita dirishani. Gari likiingia getini, kamera huanza kurekodi na dirisha humo humo.

Kiraka pia hakizibi masikio. Kipaza sauti huzimwa peke yake, kwenye sehemu ya sauti.

Halafu kuna ngazi ya mpaka rangi. Kamera ikiguswa ikageuka kidogo, kiraka hubaki pale pale kwenye picha huku dirisha likihama na kutoka pembeni yake. Na kamera ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, kiraka huweza kufutika, na kazi ya kuchora huanza upya.