Aliyesubiri ni Mama

Mimi naitwa Subira. Nimelibeba jina hili zaidi ya miaka hamsini, na wageni wa lugha yetu wameniuliza mara nyingi, wengine kwa sauti ya kunionea huruma, kama wazazi wangu waliniita hivyo ili nije kuwa mke mvumilivu. Mwaka jana, katika kongamano moja, mmoja wao alisimama akaeleza mbele ya watu kwamba Waswahili huwafunga mabinti zao kwa majina. Subira avumilie, Rehema asamehe, Stara ajifunike. Nilinyamaza siku ile, na ukimya wangu umeniuma mpaka leo.

Mama yangu aliolewa Tanga, akakaa miaka tisa bila mtoto. Mimba mbili ziliharibika. Mawifi walikwishaanza kusema, kwanza chini chini, kisha hadharani pale kisimani. Nilipozaliwa, siku ya saba nikanyolewa nywele na akika ikachinjwa, mbuzi mmoja kwa kuwa ni mtoto wa kike. Angekuwa wa kiume wangekuwa wawili. Bibi mzaa baba alitaka nirithi jina la mama yake. Mama, ambaye hakuwahi kumpinga mkwewe kwa neno lolote, siku hiyo alisema jina analo.

Utotoni nilikuwa na pupa. Chakula kikichelewa nalia, na majirani hawakuacha kunichokoza: "Wewe Subira gani usiye na subira?" Nakumbuka mama akiwa na mwiko mkononi, mvuke wa wali umemfunika uso, akawageukia bila tabasamu. "Mwacheni mtoto. Aliyesubiri ni mimi."

Hapo ndipo wanapokosea wale wanaotutafsiria majina yetu. Wanalisoma jina kama agizo kwa mtoto, kumbe mara nyingi ni kumbukumbu ya aliyemzaa. Ndiyo maana tuna akina Tabu, ambao mama zao walijifungua kwa tabu. Tuna Shida, Mashaka, Masumbuko. Tuna Faraja aliyezaliwa nyumba ikiwa bado ina msiba, na Sikudhani ambaye mama yake alishakata tamaa. Hakuna anayemtazama mwanamume aitwaye Masumbuko akadhani wazazi wake walimtakia masumbuko maishani. Kwa nini basi jina langu lisomwe kana kwamba ni amri?

Sasa kuhusu uke na uume wa majina haya. Kiswahili chenyewe hakibagui. Yeye ni yeye, awe mume au mke. Neno subira lipo katika ngeli ya i-zi kama nguo na kalamu, nasi husema "subira imeniishia". Likishakuwa jina la mtu, linahama ngeli: "Subira amefika." Linapata uhai, lakini bado sarufi haituambii kama aliyefika ni mwanamke. Hilo twalijua kwa mazoea, na mazoea hayo yana historia.

Sehemu yake imetoka katika Kiarabu, ambacho kinatofautisha jinsi. Sikio la Mswahili lilizoea jozi kama Saidi na Saada, Salimu na Salama, Fadhili na Fadhila, likajifunza kwamba irabu a mwishoni huelekea kwa wanawake. Rehema, Neema na Hidaya yakafuata njia hiyo hiyo. Hata subira ya kwetu, ambayo asili yake ni sabr isiyo na irabu hiyo, ilipata a katika vinywa vyetu na ikawa ya wasichana, wakati pacha wake saburi, mwenye maana ile ile, nimelisikia kwa wanaume tu. Lakini mtu asiifanye hii kuwa sheria. Baraka lina a mwishoni, tena katika Kiarabu ni neno la kike, na kwetu Baraka ni mvulana. Shukuru, ambalo ni kitenzi cha kumwamuru mtu ashukuru, nalo limezoeleka kwa wanaume, kama Shukuru Kawambwa aliyewahi kuwa waziri Tanzania.

Bara, ambako Wakristo waliyachukua maneno ya imani wakayafanya majina, mipaka imelegea zaidi. Upendo ni mwanamke karibu siku zote. Tumaini na Imani ni wa pande zote mbili. Bahati ukimtaja Tanzania, wengi watamkumbuka Bahati Bukuku, mwanamke anayeimba nyimbo za injili. Ukimtaja Kenya, watamkumbuka mwimbaji wa kiume. Huko Marekani, tangu Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa mwaka 1966 na kuiweka imani kati ya nguzo zake saba, Imani limekuwa zaidi jina la wasichana. Ni lao, walipende. Wasije tu kumwambia Imani wa kwetu mwenye ndevu kwamba ana jina la kike.

Wazee hawakubabaishwa na hayo yote, kwa sababu jina halikutembea peke yake. Pwani, Heri alikuwa mwanamume, na ukitaka kumpa binti neno lile lile unatanguliza mwana, yaani bibi mwenye heshima, anakuwa Mwanaheri. Kisha lilifuata jina la baba: Tatu binti fulani, Heri bin fulani. Binti na bin ndivyo vilivyobeba jinsia, na neno la sifa lenyewe likabaki huru kumwendea yeyote. Siku hizi fomu zinataka majina matatu makavu. Binti ameondolewa, bin ameondolewa, Mwana anaonekana ushamba. Ndipo karani anapokaa na karatasi iliyoandikwa Tumaini Amani Furaha, akabuni jinsia ya mtu bila kuuliza. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana, alipangiwa bweni la wavulana kwa kubuni huko, na ilichukua wiki mbili kumtoa kwenye orodha.

Lakini sitasema kwamba hatuna lolote la kujibu. Miaka miwili baada yangu, mama alizaa mvulana. Alisubiriwa kama mimi, pengine zaidi, kwa kuwa baba alitaka wa kiume. Akaitwa Baraka. Nimelifikiria hilo sana. Mimi niliitwa kwa ule muda wa kungoja, yeye akaitwa kwa kile kilichopatikana. Najua wako akina Zawadi na Neema wengi, wasichana walioitwa kwa kupokelewa kwao. Hata hivyo simjui mvulana hata mmoja aitwaye Stara, na sidhani kwamba ni bahati mbaya tu. Yule mgeni wa kongamano alikosea maana ya jina langu, lakini swali la nani kati yetu hupewa majina ya kustahimili na kusitiriwa ni swali la haki, na ni letu sisi kulijibu, kwa lugha hii hii.

Kinachonihuzunisha ni kwamba akina Subira wanapungua kabla hatujalijibu. Najua watatu, wadogo kwangu, ambao sasa hujiita Sabrina. Nilipowauliza majina yao ya kwanza yalitoka wapi, hakuna aliyejua, na mmoja wao mama yake ameshafariki. Wewe ambaye mama yako yu hai, kabla hujaliacha jina lako, nenda ukamwulize alikuwa akingoja nini.